Nimonia mara ya pili ndani ya miezi minne, dozi nimemaliza ila kifua bado. Nianze dawa kali?

Kigingi: Habari zenu wakuu, kichwa kimevurugika naombeni ushauri. Nina miaka 38, sivuti sigara, virusi nimepima niko salama, sukari iko sawa. Miezi minne iliyopita nilipata nimonia pafu la kulia nikapona nusunusu, sasa imerudi palepale. Dozi ya siku 7 nimemaliza siku tisa zilizopita, homa imeshuka ila nakohoa usiku kucha na ngazi za gorofa moja tu nasimama katikati kama mzee. Nimeshanunua antibayotiki nyingine kali zaidi, nianze leo?

Nyundo: Zima feni usiku. Mimi feni ilinitesa mwaka mzima, kila mtu ananiambia TB kumbe feni.

Mzee_wa_Wodi: Kulia mara zote mbili. Mkuu unakunywa?

Kigingi: Kidogo, wikiendi. Tuongelee dawa.

Mzee_wa_Wodi: Kidogo ni kiasi gani, na unalalaje ukishakunywa?

Kigingi: Haya, nusu chupa ya konyagi ile kubwa, siku nyingi za wiki, miaka minne sasa. Nalala kwenye kochi chali. Ila sijawahi kukosa kazi wala kuanguka barabarani, na wakati wa dozi nilipunguza. Kuna wanaokunywa kunizidi na hata mafua hawapati.

Nyundo: Tena pombe kali inaua vijidudu, si ndo ileile wanayokupaka kabla ya sindano 😂

Mzee_wa_Wodi: Ya kupaka ni kama asilimia 70. Mtu aliyelewa chakari damuni ana kama gramu 3 kwa lita, haimuui mdudu yeyote ila inamlegeza mlinzi.

Kigingi, ukilala umelewa koo halishtuki, mate na vijidudu vya mdomoni yanateleza chini, na mara nyingi yanaangukia kulia kwa sababu bomba la upande huo ni pana na limenyooka zaidi. Kawaida vijinywele vya njia ya hewa vingeyafagia juu, ila kwa mnywaji vinafagia kivivu. Vikipita hapo kuna seli zinazokaa ndani kabisa ya pafu, kazi yao kumeza mdudu na kuita wenzao walioko kwenye damu. Pombe ya kila siku inazifanya zimeze polepole, na wenzao wanaitwa wamechelewa. Antibayotiki inapunguza wadudu tu, usafi wa mwisho unafanywa na seli zako. Ndo maana dozi imeisha na wewe hujaisha.

MamaWawili: Mume wangu alijikata mguu, kidonda kidogo tu, kilikaa miezi mitatu kinatoa maji. Tulizunguka kwa waganga tukidhani tumerogwa na mdogo wake. Na yeye kila akiulizwa anakunywa ngapi alijibu "mbili tatu".

Tobo: Rahisi, mwaga chupa leo, kesho kinga imerudi.

Mzee_wa_Wodi: Hapana. Kwanza seli hazirudi kesho, inachukua muda na hautabiriki. Pili, Kigingi, asubuhi mikono inatetemeka?

Kigingi: Kidogo, hadi nizimue.

Mzee_wa_Wodi: Basi usikate ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Degedege inaweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo. Wakupunguze wanaojua.

Tobo: Uzi wa kutunga huu. Mwanzo kimya, mara wikiendi, mara nusu chupa, sasa mikono. Kesho atasema ana mapacha.

MamaWawili: Hujawahi kuishi na mnywaji wewe. Hesabu yao ndo inavyotoka, kwa awamu.

Kigingi: Ningekuwa natunga ningetunga kitu cha heshima. Makohozi yananuka kama kitu kimeoza, naongea na mke wangu nimegeuza uso. Hiyo nayo nimetunga?

Mzee_wa_Wodi: Hiyo ndo ilitakiwa iwe mstari wa kwanza. Harufu hiyo inanifanya nifikirie jipu ndani ya pafu, na jipu halitibiwi kwa wiki moja, ni wiki kadhaa. Nenda leo wapige eksirei, na makohozi yapimwe TB pia, maana hatari yake inapanda kwa anayezidisha gramu 40 za pombe kwa siku na nusu chupa yako inafika kama 100. Hicho kiboksi ulichonunua usikifungue, kibebe wakione, na kiasi waambie kama ulivyotuambia sisi mara ya tatu.

Nyundo: Na mwenye bia mbili kwa siku je? Naulizia rafiki.

Kigingi: Nikizimua kwanza ndo niende si wataninusa?

MamaWawili: Watanusa. Nenda hivyohivyo, na mkeo akusindikize.