Mrejesho: skrini kuzima nikipiga simu, kumbe ni protekta

Niliuliza: "Nikipiga tu, skrini inakuwa nyeusi, haiwaki hata nikiitoa sikioni. Sensa imekufa?"

Haijakufa. Simu ni Samsung, kwa hiyo niliandika kwenye sehemu ya kupiga simu:

```
*#0*#
```

Nikabonyeza Sensor na kutazama Proximity Sensor. Bila kitu chochote mbele yake ilikuwa kijani muda wote, yaani inaamini shavu lipo. Nilipobandua protekta ya kioo, kijani kikatoka. Nikifunika kwa kidole kinarudi, simu inatetema.

Sababu ni hii: sensa, iliyo karibu na spika ya sikioni, inarusha mwanga wa infraredi na kupima unaorudi. Protekta yangu ilikuwa na ukingo mweusi uliopita juu yake, na gundi ya pale imeingia vumbi. Mwanga ukagonga hapo na kurudi. Ukingo ukiumeza mwanga badala ya kuurudisha, unapata kinyume: skrini inabaki inawaka, shavu linabonyeza kitufe cha kunyamazisha.

Nimefuta kioo kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, kikakauka, nikabandika protekta isiyo na ukingo, iliyokatwa wazi juu. Pima tena kabla ya kubandika. Protekta ikishashika, kuibandua ni kuiharibu.

Ingebaki kijani kioo kikiwa kitupu na safi, hapo ndipo ningempelekea fundi aifungue, hasa kama skrini imewahi kubadilishwa.