Dhamana ya gari Lisbon: zimetoka pauni 875.50, zimerudi 840

Kutoka: Mama Zuhura, Leicester

Assalaam alaykum ndugu zangu. Tulikodi gari katika uwanja wa ndege wa Lisbon, na kodi yenyewe nilikuwa nimeilipa mtandaoni kabla ya safari. Kaunta waliniambia kwamba watashikilia yuro 1,000 kwenye kadi yangu ya debiti kama dhamana, na kwamba wataziachia nikirudisha gari. Gari limerudi bila mkwaruzo. Siku ya kuchukua gari zilitoka pauni 875.50, na juma lililofuata zikaingia pauni 840. Wenye gari wanasema wamerudisha yuro 1,000 kamili, na benki inasema imepokea yuro 1,000 kamili. Pauni 35.50 zimekwenda wapi, na dhamana inapoachiwa hutumika kiwango cha siku gani?

Kutoka: Baba Nasra, Maskati

Dada yangu, dhamana ikiachiwa hairudi kwa kiwango kipya, hurudi kilekile kilichoshikiliwa. Mimi hukodi gari Dubai mara kwa mara kwa kadi yangu ya riali na sijapata kuona tofauti ya kiwango. Hapo benki yako imekula fedha zako, ibane. Na safari nyingine mashine ikikuuliza kama unataka kulipa kwa pauni, kubali, ili kiwango kifungwe palepale.

Kutoka: Mama Kevin, Toronto

Poleni. Hayo yamenipata pia, tena kwa hoteli. Mama alikuja kutoka Nakuru na kadi yake ya shilingi, hoteli ikashikilia dola za Kanada 400, na alipoondoka wakamtoza bili ya 310, lakini zile 400 zikabaki zimeshikiliwa vilevile, hata akashindwa kununua dawa. Ninyi mliwezaje kuzirudisha haraka?

Kutoka: Mzee Athumani, Hamburg

Wa alaykumu salaam Mama Zuhura. Nimekaa miaka mingi kwenye mapokezi ya hoteli kabla ya kustaafu, na mashine hizi nazifahamu. Baba Nasra yuko sahihi katika kanuni, ila kanuni hiyo haihusu kilichokupata wewe.

Fedha zinaposhikiliwa tu, hakuna kinachoondoka kwako. Benki hupokea ombi la yuro 1,000, hukadiria ni pauni ngapi kwa kiwango cha wakati ule, kisha hupunguza salio unaloweza kulitumia kwa kiasi hicho. Ombi likifutwa, kadirio hilo nalo hufutwa, na salio hurudi lilivyokuwa hata kama yuro imepanda au imeshuka, kwa sababu hakuna yuro iliyonunuliwa wala kuuzwa. Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba kuachiwa hakuna kiwango. Kiwango huja pale tu mwenye gari anapotoza kiasi halisi, na mara nyingi kinachotumika ni cha siku ambayo Visa au Mastercard wanauchakata muamala huo, si cha siku uliposaini kwenye kaunta.

Hesabu zako zinaonyesha jambo jingine. Pauni 875.50 ni yuro 1,000 kwa kiwango cha 0.85, yaani pauni 850, pamoja na ada ya asilimia 3 ya kutumia kadi kwa fedha za kigeni, ambayo ni pauni 25.50. Pauni 840 ni yuro 1,000 kwa kiwango cha 0.84. Hapo kuna biashara mbili: benki ilikuuzia yuro, kisha ikazinunua tena zikiwa zimeshuka. Pauni 10 zimekwenda na kiwango na 25.50 ni ada. Wenye gari na benki wote wanasema kweli kwa upande wao.

Tazama risiti ya kaunta. Ikiwa imeandikwa COMPRA, ulitozwa kama aliyenunua kitu, na ulichopata baadaye ni marejesho. Njia nyingine ni taarifa ya akaunti ya mwezi: dhamana iliyoshikiliwa tu na kuachiwa haiachi mstari wowote humo, bali huonekana kwa muda kati ya miamala inayosubiri kwenye simu, kisha hutoweka. Ukikuta mistari miwili, mmoja wa kutoka na mmoja wa kuingia, basi haikuwa dhamana ya kushikilia. Baadhi ya wakodishaji hufanya hivyo makusudi kwa kadi za debiti, wakihofia kwamba benki itaiachia dhamana kabla gari halijarudi.

Nawe Baba Nasra, riali ya Omani na dirhamu ya Imarati zote zimefungwa kwenye dola. Hata wangekutoza na kukurejeshea, kiwango kisingekuonyesha tofauti ya maana. Ungeiona kwenye ada tu, kama benki yako inatoza. Kuhusu kulipa kwa pauni, sikubaliani nawe hata kidogo. Kiwango hicho hupangwa na upande wa mashine, na mara nyingi faida yao imo ndani. Kwa dhamana ya kweli hakuna cha kufunga, kwani hakuna kinachobadilishwa.

Mama Kevin, la kwenu ni jingine. Bili yenu huenda ilitumwa kama muamala mpya usiofungamana na ile dhamana, na benki ikaona madai mawili. Iombeni hoteli nambari ya idhini ya dhamana ya kwanza, waifute kwenye mashine, kisha mpeleke nambari hiyo kwa benki ya Kenya. Msipofanya hivyo mtasubiri muda wake uishe, na kwa hoteli na magari unaweza kufika siku 30.

Kutoka: Mama Zuhura, Leicester

Shukrani sana, Mzee. Risiti imeandikwa COMPRA kama ulivyosema, na taarifa ina mistari miwili. Kuna mstari wa tatu wa yuro 18 za ushuru wa barabara, ambao ulikuja siku kadhaa baadaye kwa pauni 15.12, na ada juu yake. Huo sina ugomvi nao. Lakini mkataba wa gari umeandika wazi kwamba dhamana «itazuiwa», haukusema nitatozwa. Je, naweza kuwadai zile 35.50?

Kutoka: Mzee Athumani, Hamburg

Huo wa yuro 18 ndio mfano wa muamala halisi: umebadilishwa kwa kiwango cha siku yake, 0.84, na sivyo kwa kile cha kaunta.

Kuhusu kudai, anza na wenye gari, uwatumie risiti pamoja na ukurasa wa mkataba. Wakikataa, iulize benki kama itarejesha ada ya 25.50, baadhi hufanya hivyo muamala unaporejeshwa wote, nyingine hukataa. Zile 10 za kiwango ni ngumu zaidi.

Kutoka: Baba Nasra, Maskati

Kuhusu riali umenishinda, Mzee. Lakini sheria ya malipo ya Ulaya inasema fedha zisizuiwe ila kwa kiasi kamili alichokiridhia mwenye kadi. Yeye aliridhia kuzuiwa. Iweje wamtoze, kisha hasara ya kiwango iwe juu yake?

Kutoka: Mzee Athumani, Hamburg

Kanuni hiyo ipo, na Uingereza nayo inayo katika kanuni zake za malipo za 2017, lakini inaibana benki iliyotoa kadi, wala haimgusi aliyekodisha gari. Na Mama Zuhura aliingiza nambari ya siri kwenye mashine iliyoonyesha yuro 1,000, kwa hiyo watasema aliridhia kutozwa. Mimi ningeegemea mkataba wao wenyewe.

Kutoka: Mama Zuhura, Leicester

Nimewaandikia leo, nikaambatanisha vyote viwili. Benki wameniambia suala la ada watalitazama baada ya wenye gari kujibu.