Shilingi za siku ile au thamani halisi? Mauzo ya samaki Malindi

Kijana_Mayungu: Asalaam aleikum. Nina daftari la boti ya mjomba: mauzo ya samaki na gharama ya petroli kila mwezi, 2012 hadi 2023. Regresheni ya mauzo juu ya petroli imenipa R² ya 0.96, hata nikaingiwa na shaka. Nigawanye zote kwa faharisi ya bei za walaji, au niache shilingi kama zilivyo na faharisi niiingize kama kigezo cha tatu?

Shela_Moja: Ziache. Ingiza faharisi, basi. Ukigawanya unachezea data ya watu.

Bi_Takwimu: Shela umepata nusu. Kwa logi njia hizo mbili ni ndugu:

```
log(Y/P) = a + b·log(X/P)
log Y = a + b·log X + (1−b)·log P
```

Ukigawanya, umeilazimisha faharisi iwe na mgawo 1−b. Ukiiingiza, unaiacha ijichagulie, na unaweza kupima kama data inalikubali sharti hilo. Lakini bila logi kuiingiza hakutoshi, maana bei huzidisha kiasi, haikijumlishii. Kijana, kilo na lita zingebaki zilezile miaka yote, shilingi za pande mbili zingepanda pamoja tu. Chora mabaki kwa mpangilio wa miezi. Yakikaa juu mwaka mzima kisha chini mwaka mzima, usiiamini hiyo 0.96.

Nahodha_Mstaafu: Mimi nilimkopesha mtu elfu hamsini 2014, juzi karudisha elfu hamsini. Nayo inaingia humo?

Bi_Takwimu: Haiingii, baba, ila hesabu ni hiyohiyo. Tuseme faharisi imetoka 100 ikafika 160: amekurudishia 31,250 za siku ile.

Nahodha_Mstaafu: Na alikuwa akinisalimia kwa furaha!

Kijana_Mayungu: Nimegawanya. Mapema 2020 mauzo halisi yameruka karibu mara mbili kwa mwezi mmoja. Mjomba anasema hakumbuki neema hiyo.

Bi_Takwimu: Umeunganisha faharisi mbili. KNBS ilihamisha kizio kutoka Februari 2009 hadi Februari 2019. Gawanya mfululizo wa zamani kwa thamani yake yenyewe ya Februari 2019, zidisha kwa 100, ndipo uunge.

Muuza_Pweza: Lakini kwa nini bei za walaji? Kusi likivuma samaki hupanda, unga haujui. Petroli igawe kwa bei ya pampu inayotangazwa na EPRA kila mwezi, upate lita.

Bi_Takwimu: Kweli, kama swali ni je, mafuta zaidi yanaleta samaki zaidi. Kama ni mauzo hayo yanamnunulia mjomba nini, faharisi ya walaji ndiyo yenyewe.

Shela_Moja: Lita sawa. Kilo je? Kilo ya tafi na kilo ya kamba utazijumlisha?

Bi_Takwimu: Hapo umenikamata. Kwa daftari lisilotenganisha aina, sina dawa safi.

Kijana_Mayungu: Kwa lita na kilo R² imeshuka hadi 0.41. Aina za samaki hakuandika, ila "wakubwa" na "wadogo".