Mjadala: Kuona kila kitu kinapita kunalegeza moyo, au kunaukausha?

Mtoa mada: Wabudha wanasema ukizoea kutazama mabadiliko, moyo unaacha kung'ang'ania. Mvi zangu naziona kila asubuhi kwenye kioo na bado nang'ang'ania. Na anayefaulu, si atakuwa mkavu hata kwa wanawe?

Bin Saidi: Jipya lipi hapo? Sura ya Rahman imeshasema kila kilicho juu ya ardhi kitatoweka.

Mkaa Kimya: Sheikh, soma na aya inayofuata: unabaki uso wa Mola wako. Hapo ndipo njia zinaachana, maana Budha hakuweka cha kushikilia ng'ambo ya pili.

Mtoa mada, mvi ni habari za jana. Ukiziona, zimeshaota. Zoezi linataka ukikamate kitu kikiwa kinabadilika. Kaa chini dakika 20 bila kusogea. Goti litauma. Usijiambie "litapita", huko ni kujibembeleza. Tazama tu: kuna joto, kuna mdundo, kuna mahali panavuta, na kila kimoja kinapanda na kushuka. Pembeni kuna kingine kinachodai usogee sasa hivi. Hicho ndicho wanakiita kiu. Nacho kiangalie kikipanda na kushuka, usikitii. Kwa Kipali, lugha ya maandiko yao ya kale, neno upadana ni kung'ang'ania, na ni kuni za moto vilevile. Moto haupigwi, unanyimwa kuni.

Mama Neema: Kipali sikijui. Nilimzika mume wangu 2019. Kwamba binadamu hufa nilikuwa najua, na kujua hakukunifaa kitu. Ila baadaye niligundua majonzi yenyewe hayatulii. Nikipepeta mchele yamepotea, harufu ya sabuni yake inayarudisha. Nikaacha kuyaogopa. Kumpenda sikuacha.

Kijana wa Falsafa: Basi umemkosea Budha, maana yeye alifundisha tusipende watu. Si alimwacha mke na mtoto mchanga?

Mkaa Kimya: Aliwaacha kweli, na wengi hilo halijawatoka moyoni. Lakini nenda mji wa Kusinara, siku anayokaribia kufa. Ananda, aliyemhudumia miaka 25 na kuhifadhi maneno yake kichwani kuliko yeyote, amejitenga analia. Budha anamwita. Anamkumbusha kwamba alishawaambia watatengana na kila wakipendacho, kisha anamshukuru kwa wema wake na kumsifu mbele ya watawa wenzake.

Kijana wa Falsafa: Kumbe aliyesikia yote naye alilia! Sasa mafundisho yamefaa nini?

Mkaa Kimya: Alikuwa bado hajafika mwisho wa njia. Waliofika, inasimuliwa, hawakulia. Hapo hata mimi nasita, sina hakika natamani kuwa kama wao.

Mama Neema: Mimi ningekaa na Ananda.

Mtoa mada: Nimejaribu la goti. Dakika 6, nikasogea.

Mkaa Kimya: Kabla hujasogea, ulikiona kilichokusogeza?