Naomba ushauri: mdogo wangu anajaza karatasi ya kliniki, lakini kila siku anaandika 0

BintiKisauni
Assalamu alaykum, na habari zenu nyote. Mdogo wangu wa kiume ana bipola, miaka 26, anauza nyanya sokoni Kongowea. Kliniki wamempa karatasi ya kujaza kila siku: saa aliyolala, saa aliyoamka, dawa, na hali yake kuanzia -3 (ameshuka kabisa) mpaka +3 (amepanda kabisa). Anajaza. Lakini tazameni wiki hii. Usingizi: masaa 7, 6 na nusu, 5, 4, 3 na nusu. Hali: 0, 0, 0, +1, 0. Usiku wa kuamkia leo, saa nane, nimemkuta uani anafua mapazia huku anaimba. Nikimwambia, ananijibu mgonjwa ni mimi. Sasa karatasi hii ina faida gani? Na mwezi ujao kuna arusi ya binamu yetu, ngoma mpaka alfajiri.

PwaniMoja
Pole dadangu. Kukosa usingizi hivyo ni mawazo ama presha. Mzee wangu alikuwa vivyo hivyo. Mpe maziwa ya moto, na apimwe presha.

NesiMstaafu
PwaniMoja, mwenye mawazo hujipindua kitandani, asubuhi anaamka hoi. Huyu kalala masaa 4 na anafua mapazia. Kulala kidogo bila kuchoka ni jambo jingine kabisa, na ndilo tunalolitafuta kwenye karatasi ile.

BintiKisauni, usipigane naye juu ya 0. Mtu anayepanda hujiona mzima kuliko siku zote, kwa hivyo ataandika 0 na wala hadanganyi. Safu ya usingizi haimtegemei anavyojiona, na mara nyingi hubadilika kabla ya ile ya hali. Ya mdogo wako imeshuka siku nne mfululizo. Usingoje tarehe ya kliniki: pigeni simu leo, muwasomee masaa hayo, na mseme kama dawa amekunywa zote. Msimwongezee wala kumpunguzia dozi nyumbani. Akianza kuona au kusikia visivyokuwepo, au kusema atajidhuru, hapo si simu tena, mpelekeni hospitali papo hapo.

KaraniWaMji
Mimi nauliza, anatafuna muguka? Vijana wa sokoni wanakesha nayo. Aiache, alale masaa 8, na dawa hatazihitaji.

NesiMstaafu
Nusu ya maneno yako nayakubali. Muguka unafukuza usingizi, na usingizi ukikatika unaweza kumpandisha mwenye bipola. Auandike kwenye karatasi, na saa aliyotafuna. Lakini dawa haachi. Ratiba inasaidiana na dawa, haishiki nafasi yake.

NimeishiNayo
Mimi nina bipola, naishi Likoni. Zile namba hazikunisaidia mpaka nilipoandika nyuma ya karatasi maana yake kwangu mimi. +1: napigia watu simu baada ya saa tano usiku. +2: nimenunua kitu cha mkopo bila kumwambia mume wangu. -1: nimeacha vyombo mpaka kesho. Sasa sijiulizi najisikiaje, nauliza nimefanya nini. Najaza kila siku baada ya isha. Ukingoja Ijumaa ujaze wiki nzima, wiki yote itafanana na Ijumaa.

BintiKisauni
Shukran sana. Muguka anatafuna, ndiyo. Ila Kongowea lori zinafika kabla ya alfajiri. Anaamka saa tisa, siku nyingine saa moja. Ratiba gani hapo?

NesiMstaafu
Hapo ndipo penyewe. Kuamka saa tisa si kosa kama analala saa mbili usiku. Shida ni leo saa tisa, kesho saa moja. Chagueni mambo matano: kuamka, kuonana na mtu wa kwanza, kuanza kazi, chakula cha jioni, kulala. Kila moja lipewe saa yake, na mweke alama likifanyika ndani ya dakika 45, kabla au baada. Aanze na kuamka peke yake, siku za mapumziko pia. Akitulia, akae na daktari waandike: usingizi ukishuka chini ya masaa kadhaa kwa siku mbili, dada apige simu. Idadi ya masaa waichague wao, na yeye mwenyewe atie sahihi.

KaraniWaMji
Na arusi? Mimi naona asiende kabisa.

NimeishiNayo
Kumfungia ndani nako kunaumiza. Mimi huenda mchana, nikala, saa tatu niko nyumbani.

NesiMstaafu
Kwa masaa 3 na nusu siwezi kusema aende. Mwezi ni mbali, tutazame karatasi itakavyokuwa wiki ya arusi.

BintiKisauni
Nimepiga. Wametaka aje kesho asubuhi na karatasi yake. Amekubali, lakini anasema anakwenda kuwaonyesha hizo 0.