Siki, chupa ya detoksi au maji mengi: kipi kinapita kipimo cha mkojo cha bangi?

Dereva_wa_Mwanga (mwanzisha mada)
Wadau wa Kigoma, habari za jioni. Mdogo wangu ameitwa kwa mkandarasi wa reli, kazi ya kuendesha lori la kokoto. Usaili amepita, leseni ipo, kilichobaki ni kupima afya wiki ijayo, na humo kuna kipimo cha mkojo cha dawa za kulevya. Sitaficha kitu: dogo anavuta bangi karibu kila jioni, na ameanza kitambo.

Hapa mtaani tumepewa njia tatu. Ya kwanza ni kunywa siki ya tufaha, vijiko kadhaa asubuhi na jioni. Ya pili ni chupa ya detoksi inayouzwa mtandaoni, bei yake ni ya mfuko wa saruji na zaidi, na muuzaji anadai inasafisha mwili ndani ya saa chache. Ya tatu ni bure: maji, lita nne au tano asubuhi ya kipimo, mpaka mkojo utoke mweupe. Naomba mwenye ujuzi azilinganishe kabla hatujatupa hela.

Kijana_Ujiji
Mkuu, chukua chupa. Rafiki yangu aliinywa akapita, na majibu niliyaona kwa macho yangu. Siki achana nayo, inaunguza koo bure. Maji nayo yanasaidia, kwa sababu kipimo kina kiwango chake: ukishuka chini ya hapo wanaandika huna kitu, hata kama kidogo kimebaki mwilini.

Mama_Maabara
Nimefanya kazi ya maabara miaka mingi, vipimo hivi nimevishika kwa mikono yangu. Kijana wa Ujiji, hapo kwenye kiwango umesema kweli. Kwa bangi, maabara nyingi huanza na kipimo cha awali chenye mpaka wa nanogramu 50 kwa mililita moja ya mkojo. Anayevuka hapo hupelekwa kwenye mashine ya kuthibitisha, ambayo mpaka wake ni 15. Mipaka hiyo ni ya kanuni za serikali ya Marekani, na wapimaji wa nchi nyingine wengi wameichukua.

Tatizo ni kwamba maabara haisomi bangi peke yake. Inasoma na mkojo wenyewe, kama kweli ni mkojo wa mtu na kama haukuongezwa maji. Kinachoangaliwa zaidi ni kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huitoa mchana na usiku kwa mwendo usiobadilika sana. Halafu kuna uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji. Maji matupu ni 1.000, na mkojo wa kawaida huwa juu ya hapo. Kreatinini ikishuka chini ya miligramu 20 kwa desilita, na uzito nao ukawa chini ya 1.003, majibu huandikwa kwamba mkojo umezimuliwa.

Sasa tumchukue huyo dogo. Nakadiria tu, lakini tarakimu hizi ni za kawaida kwa mvutaji wa kila siku: nanogramu 400 za mabaki ya bangi, kreatinini 160, uzito 1.020. Ili ashuke chini ya 50 lazima mkojo wake uzimuliwe kama mara tisa. Gawanya: 400 kwa 9 ni 44, bangi imepita. Lakini kreatinini nayo inagawanywa kwa 9 hiyohiyo, inabaki chini ya 18. Na ule uzito uliozidi maji, 0.020, ukigawanywa kwa 9 unabaki 0.002 tu, yaani uzito wote ni 1.002. Maji hayachagui cha kupunguza. Yaliyoficha bangi ndiyo yaliyomchoma kwenye vile vipimo viwili.

Dereva_wa_Mwanga
Mama, shikamoo, na asante. Na kama akinywa kiasi, yasifike hapo?

Mama_Maabara
Marahaba mwanangu. Akinywa kiasi, bangi nayo itashuka kwa kiasi, na kutoka 400 safari bado ni ndefu. Hiyo ndiyo sababu ya mvutaji wa kila siku kushindwa na hesabu hii. Bangi hukaa kwenye mafuta ya mwili, na inarudi kwenye damu kidogo kidogo, halafu figo zinaitoa kidogo kidogo. Aliyevuta mara moja kwa bahati mbaya, siku tatu au nne kwa kawaida zinamtosha. Anayevuta kila jioni anaweza kuonekana hata baada ya mwezi mzima tangu aache. Hakuna kinywaji kinachoingia kwenye mafuta kuyachota.

Lita tano asubuhi moja nakataza kabisa, wala si kwa sababu ya kipimo. Chumvi ya damu inashuka, mtu anaumwa kichwa, anatapika, na ikizidi anapata degedege. Watu wamekufa kwa maji.

Kijana_Ujiji
Lakini Mama, rafiki yangu alipita. Hilo tunalielezaje?

Mama_Maabara
Yeye alikuwa anavuta mara ngapi?

Kijana_Ujiji
Alivuta kwenye harusi. Kipimo kilikuja wiki moja baadaye.

Mama_Maabara
Basi angepita hata kwa kunywa uji. Wauzaji wa hizo chupa wanaishi kwa watu kama yeye, maana ndio wanaorudi kutoa ushuhuda. Aliyefeli hawezi kwenda kudai hela yake hadharani. Maelekezo ya chupa nyingi yanasema unywe na maji mengi, ukojoe mara kadhaa kabla ya kwenda. Kazi inafanywa na yale maji. Rangi ya njano inayotoka ni vitamini tu, na mashine haihukumu kwa rangi.

Mzee_wa_Asali
Niko Sikonge, Tabora. Mimi siki ya tufaha natumia kwa ajili ya sukari, kijiko kimoja kwenye maji kabla ya ugali. Na daktari wa Kitete kanipa vidonge vya presha vinavyonipeleka chooni kila saa. Sasa mnanitia hofu. Nikipimwa mkojo wa sukari wataniandika mlaghai?

Mama_Maabara
Shikamoo mzee wangu, usiogope. Kipimo chako cha sukari ni kingine kabisa, hakuna anayekutafutia udanganyifu. Ila umeleta jambo la maana. Vidonge vya kukojoza, kisukari chenyewe, na hata kunywa maji mengi kwa sababu ya joto, vyote vinaweza kuzimua mkojo bila mtu kuwa na nia mbaya. Ndiyo maana neno linaloandikwa ni "umezimuliwa", halisemi kwamba mtu ametumia dawa. Mwenye vidonge hivyo akienda kupimwa kazini avitaje kabla ya kutoa mkojo.

Kuhusu siki, ukiinywa mwili unaitumia kama chakula, na asidi yake inamalizwa hukohuko ndani. Mkojo unabaki kwenye asidi yake ya kawaida, na bangi iliyo kwenye mafuta haiguswi. Kuna wanaoimimina kwenye kikombe chenyewe, na hiyo ni mbaya zaidi. Asidi hupimwa kwa pH, na kadiri inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi. Siki ya dukani ina pH karibu 2.5, na mkojo wa binadamu kwa kawaida uko kati ya 4.5 na 8. Maabara ikikuta pH chini ya 4 inaandika kwamba mkojo umechakachuliwa. Mara nyingine hata hawafiki kwenye pH. Unafungua kifuniko, harufu ya kachumbari inakupokea.

Msimamizi_Usalama
Nipo upande wa waajiri, kampuni ya usafirishaji, Tabora na Kigoma tunapita kila wiki. Naeleza tunavyofanya sisi, wengine wana taratibu zao.

Kikombe tunachotumia kina kipimajoto ubavuni. Mkojo unatakiwa usome kati ya nyuzi 32 na 38 ndani ya dakika nne. Aliyeongeza maji ya bomba hukamatwa hapo, hata kabla ya maabara. Vikombe vingine vina na vijiti vya kreatinini na asidi palepale, mtu anajua kabla hajavaa viatu.

Majibu yakija "umezimuliwa", hatumfukuzi mtu. Anaitwa tena bila kupewa siku mbili za kujiandaa, asubuhi, mkojo wa kwanza, na mpimaji wa jinsia yake anasimama karibu. Yakija "umechakachuliwa", kwetu amekataa kupimwa, na aliyekataa hatumwajiri. Mtu aliyekutwa na bangi tunaweza kumwambia arudi baada ya miezi sita. Aliyetia siki kwenye kikombe simpi gari la tani 30, kwa sababu kanionyesha atakavyojaza fomu ya breki.

Mwana_Kasulu
Msimamizi, hapo kwenye kurudia sikubaliani na wewe. Mtu anakunywa maji kwa joto la Kigoma, unamsimamia chooni kama mfungwa? Mimi nimewahi kurudishwa hivyo na sijawahi kuvuta hata sigara. Nilikuwa nimefunga, nikafuturu kwa maji mengi usiku. Nilijisikia vibaya sana.

Msimamizi_Usalama
Pole sana ndugu, na malalamiko yako nimeyasikia kwa wengine pia. Ukweli ni kwamba kuna kampuni zinazopokea majibu hayo kama safi, nyingine zinarudia, na nyingine zinakataa moja kwa moja. Mimi naona kurudia ni haki kuliko kukataa. Ila la kumsimamia mtu mara ya kwanza tu, hata ofisini kwetu tunabishana.

Mama_Maabara
Kwa Mwana wa Kasulu, mkojo wa asubuhi bila kunywa maji usiku kucha ungetosha, wala hapakuwa na haja ya kumsimamia. Hapo nami niko upande wako.

Dereva_wa_Mwanga
Nimeelewa, hakuna inayofaa katika zile tatu. Sasa nimwambie nini? Akienda wiki ijayo atafeli, asipoenda kazi imepotea.

Mama_Maabara
Aache leo, hilo la kwanza. Kisha apige simu aombe tarehe ya mbele. Kundi la kuajiriwa la pili mara nyingi huwepo, na kuomba tarehe si kosa. Asiseme uongo kwamba anaumwa. Wiki ya nne tangu aache, anunue kikombe cha kupimia duka la dawa, apime mkojo wa asubuhi nyumbani. Mstari wa bangi ukikosekana, maana yake bado anaonekana. Hata ukiwa hafifu sana, kwenye vikombe hivi mstari upo ni salama. Akirudia baada ya siku chache akapata jibu hilohilo, aende.

Na kama jioni zinamshinda, hapati usingizi, anakasirika ovyo, mtu ampeleke hospitali ya Maweni amwone daktari. Usingizi kukatika wiki ya kwanza ni kawaida kwa aliyevuta kila siku.

Msimamizi_Usalama
Ongezea hapo: kama anatumia dawa ya kikohozi yenye kodeini, aitaje kwenye fomu na aende na cheti cha daktari. Kodeini mwilini inageuka mofini, na hiyo inaonekana kwenye mstari mwingine wa kikombe.

Dereva_wa_Mwanga
Amepiga simu mchana. Wamesema kundi lijalo ni mwezi ujao mwishoni, ila hawakumhakikishia nafasi.