Wamemwandikia marehemu aende ofisini MWENYEWE, tena abebe kitambulisho

Mpangaji wa Kaloleni
Wadau, ni mfuko mmoja wa pensheni, jina sitataja, mnawajua. Ni wale wenye lifti inayofika ghorofa ya tatu halafu inasimama kuwaza maisha yake.

Asubuhi hii mjane wa nyumba ya kona kwenye ploti yetu ameletewa barua. Bahasha ina jina la mumewe. Mumewe alizikwa Machi. Ndani wanamwambia amepokea malipo yasiyostahili ya sh 170,400 "baada ya kukosa kutuarifu kuhusu kifo chako", na kwamba afike mwenyewe ndani ya siku 14 akiwa na kitambulisho halisi.

Mwenyewe! Na kitambulisho halisi! Kitambulisho chenyewe kilichukuliwa na serikali siku ile ya kufuata kibali cha mazishi.

Mzee alifariki tarehe 9 Machi, pensheni ya 28,400 ikaendelea kuingia mpaka mwisho wa Agosti. Sawa, haikuwa yao. Lakini nakala za barua wamewatumia watoto wote wanne, kila mmoja anaambiwa alipe 170,400. Kwa hesabu hiyo watakusanya za kujenga Ekspresiwei ya pili. Na bado narudi palepale: marehemu anaambiwa afike mwenyewe!

Githurai Arobaini na Tano
Wamwachie nafasi ya dirishani. Akifika kwa geti, askari atamwambia aandike kwa daftari saa ya kuingia na saa ya kutoka.

Hakimu wa Kibaraza
Deni hufa na mwenye deni. Hao watoto wasilipe hata ndururu. Pesa iliyoingia akaunti ya baba ni urithi, wagawane waendelee na maisha.

Karani Mstaafu
Hakimu, umepatia nusu, na hiyo nusu nyingine italaza mtu ndani. Watoto hawadaiwi kwa sababu tu ni watoto, hapo uko sawa. Lakini pensheni iliyoingia baada ya tarehe 9 Machi haikuwahi kuwa mali ya mzee, kwa hivyo si urithi. Ni pesa ya mfuko iliyotumwa kwa makosa, na anayeirudisha ni aliyeichukua. Hata ile iliyokuwa ya mzee kihalali, Sheria ya Urithi kifungu cha 45 inakataza mtu kuigusa bila idhini ya mahakama: faini hadi sh 10,000, au kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Mpangaji, mambo matatu kabla hatujacheka zaidi. Kadi ya benki alibaki nayo nani? Ametoa ngapi? Na mjane ana haki ya pensheni ya mwenzi kwenye mfuko huo?

Mpangaji wa Kaloleni
Kadi iko na kijana wa pili. Alitoa ya Machi, Aprili na Mei, anasema ni za hema, viti na deni la mochari. Juni mpaka Agosti zimelala kwa akaunti. Mama anasema mzee alikuwa akimwambia mke hubaki na nusu. Lakini si mmeona? MWENYEWE. Na kitambulisho.

Karani Mstaafu
Tumeona, ndugu. Keti tufanye hesabu, maana hiyo 170,400 si deni. Ni miezi sita tu mara 28,400, aliyeandika hakutoa chochote.

Kwanza, mzee aliishi siku 9 za Machi. Mfuko ukiwa unahesabu kwa siku, siku hizo ni sh 8,245 na ni zake halali. Iko mifuko ambayo kanuni zake hulipa mwezi mzima wa kifo, kwa hivyo waombe nakala ya kifungu chenyewe, msikubali maneno ya kaunta. Tukienda kwa siku, kilicholipwa zaidi ni 162,155.

Pili, kama kweli mwenzi hupata nusu, mama alikuwa anastahili 14,200 kwa mwezi kuanzia tarehe 10 Machi, na hajapewa hata senti. Siku 22 za Machi ni 10,077, na miezi mitano ni 71,000. Jumla 81,077. Mfuko unamdai mkono mmoja na kudaiwa naye mkono wa pili. Wakikata hiki kwenye kile, inabaki 81,078. Kwa akaunti kuna 85,200 ambazo hazijaguswa. Deni lote linaisha bila mtu kuuza mbuzi.

Githurai Arobaini na Tano
Kumbe marehemu akienda mwenyewe atarudi na chenji.

Karani Mstaafu
Angerudi nayo, lakini kuna mtego hapo ndani. Mkikubali kukatana hivyo, malimbikizo ya mama ndiyo yanayofunika alichotoa kijana. Yaani mama amelipia hema. Kama familia imeridhia, sawa, waandike. Kama hajaridhia, auombe mfuko uchukue zile 85,200 kutoka benki, salio la 76,955 wamwendee aliyetoa, na yeye alipwe 81,077 zake zote.

Mpangaji wa Kaloleni
Kijana amesoma hapo akatoka kwenda kununua maziwa. Mpaka sasa hajarudi.

Shosh wa Umoja
Wanangu, naomba mnisaidie hapa hapa. Kaka yangu alifariki kabla hajachukua zake za NSSF. Na mimi nitaambiwa nirudishe?

Karani Mstaafu
Hapana shosh, yako ni kinyume cha hii. Huyu alilipwa kupita kiasi, kaka yako hakulipwa kabisa. Peleka cheti cha kifo na uulize wategemezi walioandikishwa ni akina nani. Fungua uzi wako, hapa utapotelea kwa lifti.

Mama Boi
Mnaongea waliokufa, na sisi ambao bado tuko hai? Dada yangu alikuwa anapokea pensheni ya mtoto. Mtoto amemaliza chuo, wameendelea kutuma miezi 11, sasa wanataka zote kwa mara moja. Si wao ndio walikuwa na tarehe ya kuzaliwa kwa faili?

Karani Mstaafu
Tarehe ya kuzaliwa wanayo, tarehe ya kumaliza chuo hawana, na kwa kawaida fomu aliyosaini inamtaka yeye ndiye aripoti. Aangalie fomu hiyo. Wakati huohuo aandike kwamba hakubishani na kosa, ila anaomba kulipa kwa awamu, aweke kiasi anachokiweza kwa mwezi na ushahidi wa mapato. Asiandike tu "nitalipa", maana barua ya namna hiyo huwa wanaigeuza kukiri deni lote, hata miezi ambayo hesabu yake ina makosa.

Wakili Bila Ofisi
Naingilia hapo kwa kukata pensheni ya mama. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Mafao ya Kustaafu kinalinda mafao yasikamatwe kwa deni. Mfuko hauwezi kukata bila ridhaa yake au amri ya mahakama.

Karani Mstaafu
Kifungu hicho kinawazuia wadai wa nje, na chenyewe kinaachia kanuni za mfuko nafasi. Hapa mfuko haukamati mali ya mtu, unasahihisha malipo yake wenyewe.

Wakili Bila Ofisi
Unasahihisha malipo ya mzee kwa kukata ya mama. Ni watu wawili, haki mbili. Nionyeshe kanuni inayosema hivyo ndipo ninyamaze.

Karani Mstaafu
Ndiyo maana nimesema waombe kifungu kwa maandishi. Ikiwa hakimo, mimi na wewe tuko upande mmoja.

Mpangaji wa Kaloleni
Sasa mama afanye nini KESHO? Maana barua imesema siku 14, na mwenye kuitwa hawezi kupanda lifti.

Karani Mstaafu
Kesho asiende kusimama kaunta, aandike. Barua iende kwa wadhamini wa mfuko, na nakala ya cheti cha kifo. Aseme mume alifariki tarehe 9 Machi, anaandika kama mjane bila kukubali deni kwa jina lake, na anataka vitu vitatu: orodha ya malipo mwezi kwa mwezi, kifungu cha kanuni kuhusu mwezi wa kifo, na hesabu ya pensheni yake ya mwenzi. Apeleke nakala mbili, yake igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mhuri huo una thamani kuliko simu kumi.

Kadi ya mzee iwekwe kabatini leo, na laini yake ya simu pia. Wengi husahau kwamba namba ya siri ya simu hutoa pesa usiku kama kadi. Kurudisha zile 85,200, mfuko unaweza kuiandikia benki. Benki nyingine hukubali, nyingine husisitiza msimamizi wa mirathi aidhinishe, na hapo ndipo miezi hupotea.

Halafu alinganishe orodha na stetimenti. Kama walikuwa wanakata bima ya afya kabla ya kutuma, kilichoingia ni pungufu ya 28,400, na mfuko hauwezi kudai kitu ambacho hakikufika benki.

Wadhamini wakikaa kimya au wakikataa, malalamiko yanakwenda RBA, mamlaka inayosimamia mifuko ya pensheni, Rahimtulla Tower kule Upper Hill, na kutoka huko kuna baraza la rufaa. Hii ni kwa mifuko iliyosajiliwa. Ile pensheni ya zamani ya serikali inayolipwa na Hazina ina njia yake.

Hakimu wa Kibaraza
Kwa hivyo mngeripoti Machi hii yote isingekuwepo. Familia pia ina makosa.

Karani Mstaafu
Ina makosa. Watu husubiri barua ya usimamizi wa mirathi ndipo waarifu, ilhali kuarifu hakuhitaji barua hiyo. Nakala ya kibali cha mazishi kwa kawaida hutosha kusimamisha malipo, cheti kinafuata.

Dereva wa Zamani
Nyinyi mnalia kuandikiwa marehemu. Mimi niko hai na wamenisimamishia pensheni miezi miwili ati sikuleta hati ya uhai. Nimeipeleka na miguu yangu. Karani akaniambia sahihi ya chifu haijasomeka, nirudi. Nikamwambia basi nisome mimi!

Githurai Arobaini na Tano
Sasa tumeelewa. Aliye hai haaminiki, aliyekufa anaitwa ofisini.

Dereva wa Zamani
Na hiyo lifti si kwamba inasimama ya tatu. Inasimama ya nne, lakini mlango unafunguka nusu. Ukiwa na kitambi unarudi chini.

Mama Boi
Ya tatu bwana. Nilipanda Jumanne.

Shosh wa Umoja
Hiyo NSSF mnaingilia geti gani?